Namna ya kukabidhi mazungumzo ya mteja ambaye bado hajafunga biashara

JINJA/MBALE

DEREVA wa lori anapompisha mwenzake kwenye usukani, huwa kuna karatasi. Kilometa zilizosomwa, dizeli iliyobaki, hali ya matairi, jeki, spea na turubali vyote huandikwa, kisha wawili hao hutia saini. Lakini ofisa anayetafutia malori hayo mizigo anapohamishwa kutoka Jinja, mara nyingi anachomwachia mwenzake wa Mbale ni orodha ya majina na namba za simu. Mbele ya kila jina kuna neno moja au mawili: "anafikiria", "atapiga", "tumeelewana".

Neno hilo la mwisho ndilo linalowagharimu wasafirishaji fedha nyingi. Nani ameelewana na nani? Ni bei ya tani au ya safari nzima? Mpakani karatasi inatafutwa na nani? Lori likikwama Malaba, siku ya pili inalipwa na nani? Mteja anayajua majibu yote kwa sababu aliambiwa. Aliyemwambia ameondoka, na aliyepokea simu yake hajui kwamba kuna lolote lililosemwa.

Makala hii inaeleza namna ya kuandika waraka wa makabidhiano kwa wateja watarajiwa, yaani wale ambao mazungumzo nao yamefika katikati na bado hawajatoa mzigo. Mteja wa zamani ana mkataba, ankara na historia ya malipo, kwa hiyo anayepokea kazi anaweza kufungua faili akasoma. Mteja mtarajiwa hana faili. Kila kitu chake kimo kwenye simu na kichwani mwa mtu mmoja.

Mfano wa tani 28

Mfano ufuatao umetengenezwa ili kuonyesha hesabu, na viwango vya nauli vilivyomo si bei ya soko. Kanuni za kodi na za mpakani zilizotajwa ndani yake ni halisi.

Kampuni ya malori yenye ofisi Jinja imekuwa ikizungumza na kinu cha nafaka kilichopo Mbale. Kinu kina mahindi ya msimu wa kwanza na kimepata mnunuzi Kisumu. Kinataka lori la tani 28, na kama safari ya kwanza itakwenda vizuri, kuna safari nyingine tano nyuma yake. Ofisa wa Jinja ametaja Sh 90,000 za Uganda kwa tani. Mzigo mmoja ni Sh 2,520,000, na safari zote sita ni Sh 15,120,000.

Wiki hiyo hiyo ofisa huyo anahamishwa. Kwenye orodha anayomwachia mwenzake wa Mbale ameandika mstari mmoja: "Kinu, tani 28 Kisumu, 90,000, tumeelewana." Mwenzake anampigia meneja wa kinu, wanakubaliana siku ya kupakia, na lori linaondoka. Jumatatu jioni linafika Malaba. Hapo linasimama, kwa sababu cheti cha kipimo cha sumukuvu hakipo. Kinapatikana Alhamisi jioni, yaani baada ya saa 72.

Kwa mujibu wa orodha ya bei ya kampuni, saa 24 za kwanza za kusubiri ni bure na baada ya hapo kila siku ni Sh 200,000. Ofisa mpya anaandika ankara ya siku mbili, Sh 400,000. Meneja wa kinu anakataa. Anasema aliahidiwa saa 48 bila malipo, na aliahidiwa hivyo mara mbili kwa simu. Kwa hesabu yake angedaiwa siku moja tu. Halafu anaongeza jambo kubwa zaidi: hata hiyo siku moja halipi, kwa kuwa ofisa wa kwanza alimwambia, "Mambo ya mpaka niachie mimi."

Kwa ofisa aliyeondoka, maneno hayo yalimaanisha kwamba atamtafutia wakala wa forodha. Kwa meneja wa kinu, yalimaanisha karatasi zote pamoja na cheti. Hakuna aliyesema uongo. Sh 400,000 zimebishaniwa, lakini hasara yenyewe ni safari tano zilizobaki, ambazo zina thamani ya Sh 12,600,000 na huenda zikapewa lori la mtu mwingine.

Kwanza, andika ahadi na si bei peke yake

Katika mfano huo bei ilikabidhiwa, na ilikuwa sahihi. Kilichopotea ni masharti yaliyoizunguka. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya waraka ni yale yote ambayo mteja ameahidiwa, yaandikwe kwa maneno yaliyotumika. Anayeondoka aandike "nilimwambia mambo ya mpaka niachie mimi", kisha chini yake aeleze alichokusudia. Akiandika tu "huduma za mpakani zimo", mwenzake hatajua kwamba kuna mahali ambapo mteja anaweza kuwa ameelewa kitu kingine, na hapo ndipo panapotakiwa simu ya kuweka sawa kabla lori halijapakia.

Kwa mahindi yanayokwenda Kenya, suala la cheti si dogo. Mwezi Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji waandikishwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani maikrogramu 10 kwa kilo. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka pia unyevu usizidi asilimia 13.5. Msafirishaji hawezi kutengeneza cheti hicho kwa mahindi ambayo si yake bila sampuli kuchukuliwa na kupelekwa maabara, na hilo huchukua siku. Hivyo swali la nani anakitafuta lazima liwe na jibu moja kwenye waraka.

Njia nayo ni ahadi. Kutoka Mbale, lori linalopita Tororo linaweza kwenda Malaba au Busia, na kwa mzigo wa Kisumu dereva wengi wangeelekea Busia. Katika mfano huu mnunuzi wa Kisumu ana wakala wake Malaba, na meneja wa kinu alilisema jambo hilo mara moja tu, katikati ya mazungumzo kuhusu kitu kingine. Lisipoandikwa, lori litafika mpaka ambao hakuna anayelisubiri.

Halafu kuna kodi ya zuio. Nchini Uganda, taasisi au kampuni iliyoteuliwa na Mamlaka ya Mapato, URA, hukata asilimia 6 inapolipa malipo yanayozidi Sh 1,000,000 kwa mtu asiye na msamaha. Ikiwa kinu kimeteuliwa, kwenye Sh 2,520,000 kitakata Sh 151,200 na kulipa Sh 2,368,800. Fedha iliyokatwa haipotei, maana hupunguzwa kwenye kodi ya mapato ya msafirishaji mwisho wa mwaka akiwa na stakabadhi ya zuio. Hata hivyo, mwenye lori aliyepanga kununua dizeli ya safari ya pili kwa fedha ya safari ya kwanza ataona pengo. Ikiwa ofisa alimaanisha Sh 2,520,000 mkononi, ankara ilipaswa kuwa karibu Sh 2,681,000. Waraka useme wazi: 90,000 kabla au baada ya makato?

Mwisho wa yote, bei ina siku ya kufa. Dizeli hubadilika, na nauli iliyotajwa kabla ya mavuno hailingani na ile ya wakati kila mtu anatafuta lori. Kama mteja aliambiwa bei hiyo ni hadi tarehe 17, basi tarehe 17 iandikwe. Kama hakuambiwa mwisho wake, hilo nalo liandikwe, ili anayepokea ajue kwamba anatakiwa kulisema yeye, na kulisema kwa upole.

Wapo wanaodhani kwamba ahadi ya simu si kitu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni Sh 20,000, kwa hiyo mstari uko kwenye Sh 500,000, kiasi ambacho karibu kila mzigo wa lori unakivuka. Lakini sheria hiyo hiyo inaukubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu uliosema "saa 48 ni bure" unaweza kuwa ndio maandishi yenyewe. Kwa sababu hiyo anayeondoka asiridhike na kumbukumbu. Afungue simu yake, asome ujumbe aliowatumia wateja hao, na anakili kila palipo na kiasi, siku au neno "nitafanya".

Pili, nani anadaiwa jibu

Kila mazungumzo yaliyoishia njiani yamesimama kwa sababu mmoja anamsubiri mwenzake. Waraka mzuri unasema ni nani. Neno "anafikiria" huficha jambo hili, kwa sababu mara nyingi mteja hafikirii chochote, bali anasubiri kuletewa kitu alichoomba.

Anayeondoka ajiulize swali moja kwa kila jina: mara ya mwisho, nani aliahidi kurudi kwa mwenzake? Kama ni kampuni, aandike "tunadaiwa", ataje tunadaiwa nini na tangu lini. Kama ni mteja, aandike "anadaiwa". Majina yaliyo chini ya "tunadaiwa" ndiyo ya kupigiwa asubuhi ya kwanza. Ni aibu kwa mtu mpya kumpigia mteja kumwuliza amefikia wapi, kumbe mteja huyo amekaa siku tisa akisubiri profoma.

Hapa pia ndipo panapojulikana mazungumzo yaliyo hai na yaliyokufa. Wengi huhesabu siku tangu walipompigia mteja mara ya mwisho. Hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa inapima bidii ya muuzaji. Inayofaa ni tarehe ambayo mteja mwenyewe alifanya kitu: alipiga, alituma uzito wa mzigo, aliuliza swali, alileta jina la wakala wake. Mfanyabiashara wa nondo wa Jinja aliyepigiwa mara sita na kusema "nitakupigia" mara sita amelala tangu siku alipouliza bei, hata kama simu ya mwisho ilikuwa jana. Mfanyabiashara wa kahawa wa Mbale aliyenyamaza wiki tatu, lakini kabla ya hapo alituma idadi ya magunia na jina la ghala, yuko hai.

Kimya nacho kina sababu zake za mahali. Mwezi Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, hufunguliwa Mutoto, Mbale. Katika siku hizo mtu anaweza kuwa kijijini kwao mlimani kwa shughuli ya kijana wa ukoo, na simu yake isipokelewe. Ofisa aliyezoea Jinja akiliona hilo mara ya kwanza anaweza kufuta jina ambalo halikustahili kufutwa. Mstari mmoja wa waraka unatosha kumzuia: "Atakuwa Bududa kwa imbalu, arudi baada ya tarehe 20."

Tatu, anayezungumza na anayeamua

Anayepokea simu si lazima awe ndiye mwenye fedha. Kwenye kinu cha mfano wetu, meneja ndiye anayepanga siku ya kupakia, mwenye kinu ndiye anayekubali bei, na mnunuzi wa Kisumu ndiye anayeamua mpaka wa kupitia kwa sababu wakala ni wake. Waraka unaotaja jina la meneja tu unampeleka ofisa mpya kwenye mlango mmoja kati ya mitatu.

Iandikwe pia mteja anaitwaje na huzungumza lugha gani akiwa kwenye biashara. Kuna mzee wa Mbale anayefurahi akisalimiwa kwa Kigisu kisha akaendelea kwa Kiswahili. Kuna Haji wa Jinja anayetaka mazungumzo ya bei yawe kwa Kisoga au Kiganda, na barua iwe kwa Kiingereza. Mama mwenye duka la nafaka akiitwa kwa jina lake kavu na kijana asiyemjua, mazungumzo yameharibika kabla bei haijatajwa. Mambo hayo aliyeondoka anayafanya bila kufikiri, na ndiyo sababu husahau kuyaandika.

Nne, jambo lililotajwa nusu

Sehemu hii ndiyo ngumu kuikumbuka. Ni yale ambayo mteja aliyagusa bila kuyamaliza, na ambayo yakitimia yanabadilisha kazi nzima.

Chukua mfano wa mama anayenunua maharage Mbale na kuyauza ng'ambo ya Busia. Amekuwa akiulizia nafasi ya tani 2 kwenye kanta. Kwa hesabu ya Sh 3,000 kwa kilo, mzigo wake ni Sh 6,000,000, na dola moja ikihesabiwa kuwa Sh 3,700, hizo ni kama dola 1,620. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa hupewa cheti rahisi cha uasili mpakani penyewe, na mwenye mzigo hahitaji kumlipa wakala wa forodha. Karatasi nyingine, kama ile ya afya ya mimea, bado zinatakiwa.

Sasa, katika simu ya mwisho mama huyo alisema, "Labda nitaongeza ziwe tatu." Ofisa hakuliandika, maana nafasi kwenye kanta ipo. Lakini tani 3 kwa bei hiyo ni Sh 9,000,000, kiasi cha dola 2,430. Mzigo umevuka mstari. Unatoka kwenye utaratibu rahisi na kuingia kwenye ule wa kawaida, wenye wakala, tamko la forodha na gharama zake. Nauli haijabadilika sana, lakini mama huyu akifika Busia na kuambiwa atafute wakala, atamlaumu msafirishaji ambaye hakumwonya. Ofisa mpya akijua juu ya hilo neno "labda", anaweza kumweleza mapema, naye mama akaamua mwenyewe kama tani ya tatu inalipa gharama zilizoongezeka.

Waraka wenyewe unavyoonekana

Kwa kila mteja mtarajiwa nusu ukurasa unatosha. Ule wa kinu ungeweza kusomeka hivi:

Mteja: Kinu cha nafaka, Mbale. Nazungumza na meneja, huitwa Mzee, Kiswahili. Bei anakubali mwenye kinu. Mnunuzi yuko Kisumu na ana wakala Malaba, hivyo njia ni Malaba, si Busia.

Mzigo: Mahindi tani 28, safari 1 ya kujaribu, kisha 5. Yako ghalani, yamekaushwa. Unyevu kasema 13, karatasi ya kipimo sijaiona.

Nilichoahidi: Sh 90,000 kwa tani, kwa simu tarehe 2 Julai, nikarudia kwa ujumbe tarehe 6. Kupakia ni kwake, kushusha ni kwa mnunuzi. Kusubiri mpakani saa 48 bure (orodha yetu inasema 24, mimi nilimwongezea, bosi anajua). Nilisema "mambo ya mpaka niachie mimi". Nilikusudia kumwunganisha na wakala tu. Cheti cha sumukuvu ni chake. Nadhani hakuelewa hivyo. MWELEZE KABLA YA KUPAKIA.

Bei inaisha: 17 Julai, anajua.

Nani anadaiwa: Sisi. Aliomba profoma tarehe 8.

Kilichotajwa nusu: Aliuliza kama tunakubali kulipwa kwa shilingi ya Kenya na mnunuzi. Sikumjibu. Kodi ya zuio hatujaizungumza. Sijui kama kinu kimeteuliwa.

Hatua inayofuata: Jumatatu tarehe 13 asubuhi, tumpigie wote wawili. Profoma iende siku hiyo hiyo.

Katika waraka huo, mstari wenye faida kuliko yote ni "nadhani hakuelewa hivyo". Anayeondoka anakiri kwamba aliacha jambo halijanyooka. Wengi huona haya kuandika namna hiyo, hasa ikiwa aliyeongeza saa za bure hakumwambia bosi. Ndiyo maana inafaa mkuu wa ofisi aseme mapema kwamba ahadi zitakazoandikwa kwenye waraka hazitakuwa sababu ya kumkata mtu mshahara. Ahadi iliyofichwa hujitokeza tu, tena Malaba, lori likiwa limesimama.

Yapo pia ya kuachwa nje. Uvumi kwamba mteja ana madeni, kwamba amegombana na ndugu yake, au kwamba "anapenda kitu kidogo", si wa waraka. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inawabana wanaokusanya taarifa za watu, na waraka unaotembea kwenye simu unaweza kufika kwa mteja mwenyewe. Kama mteja hulipa kwa kuchelewa na ofisi ina ushahidi, iandikwe ankara na tarehe. Kama ni maneno ya sokoni, yaachwe sokoni.

Simu ya watu watatu

Waraka haumalizi kazi. Mteja naye anahitaji kukabidhiwa, na njia iliyo rahisi ni simu moja ambayo wote watatu wamo. Simu itoke kwenye namba ya anayeondoka, kwa sababu ndiyo mteja atakayoipokea. Anayeondoka amtambulishe mwenzake, kisha yeye mwenyewe, akiwa bado kwenye simu, arudie ahadi: bei ni hii, hadi tarehe hii, kusubiri ni saa kadhaa, cheti ni juu yako, wakala ni juu yetu. Amwulize mteja kama kuna kilichosahaulika. Mara nyingi kipo, na ni bora kijitokeze wakati aliyekisema angali anasikia. Baada ya simu, anayepokea atume ujumbe wa mistari mitatu wenye mambo hayo hayo kwa namba yake mpya. Kuanzia hapo kuna maandishi, na mteja ana namba.

Kwa mizigo mikubwa, ziara ni bora kuliko simu. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni karibu kilometa 150, na gharama ya safari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na Sh 15,120,000. Kwa wateja kumi na tano hilo haliwezekani, kwa hiyo ichaguliwe mitatu au minne ambayo kampuni inadaiwa jibu na bei yake iko karibu kuisha.

Namba ya simu yenyewe nayo ina utata. Ikiwa ofisa alitumia laini yake binafsi, wateja wataendelea kumpigia yeye kwa miezi kadhaa. Akiwa amehamia idara nyingine, anaweza kuwaelekeza. Akiwa amehamia kampuni nyingine ya malori, hakuna waraka utakaomzuia mteja kumfuata. Hapo makabidhiano yanafika mwisho wa uwezo wake. Yanaweza kuokoa ahadi, hayawezi kuhamisha urafiki. Ndiyo sababu baadhi ya ofisi huwapa maofisa laini ya kampuni tangu siku ya kwanza.

Namna ya kujua kama waraka unatosha

Kuna jaribio lisilochukua zaidi ya nusu saa. Anayepokea asome waraka akiwa peke yake, kisha aufunge. Anayeondoka ajifanye mteja na kumpigia: "Vipi, ile gari yangu?" Ikiwa mwenzake anaweza kutaja bei, mwisho wake, nani anatafuta cheti, mpaka gani na nani anadaiwa jibu, waraka unatosha. Akikwama, palipokwama ndipo panapotakiwa kuongezwa mstari.

Jaribio hilo lifanyike kabla ya siku ya mwisho ya kazi. Siku ya mwisho ina kuaga, kurudisha funguo na kuhesabu vifaa, na anayeondoka huwa na haraka. Wiki moja kabla inatosha, kwa sababu wateja wachache watakuwa wamepiga kati ya hapo na siku ya kuondoka, na kila simu inayoingia itakuwa imeonyesha kama lililoandikwa ndilo mteja analolikumbuka.